Pesa imekatwa, mpokeaji hajaipata: jinsi ya kujua imekwama wapi

Usitume tena. Hilo ndilo la kwanza, kabla ya kupiga simu benki na kabla ya kufungua taarifa ya akaunti. Hasara nyingi katika suala hili hazitokani na muamala uliokwama, maana ule uliokwama karibu kila mara unafika au unarudi. Zinatokana na muamala wa pili, ambao mtumaji aliutuma kwa hofu dakika tano baadaye, na ambao ulipita bila shida. Siku mbili mbele wa kwanza nao unafika, na sasa mtumaji anamdai mtu ambaye huenda pesa ameshaitumia.

Mwongozo huu unahusu uhamisho kati ya benki mbili tofauti nchini Tanzania. Kwa Kenya majina ya mifumo ya kupitisha malipo yanabadilika, Pesalink na KEPSS badala ya TIPS na TISS, lakini mantiki ya kutafuta pesa ni ileile.

Kinachotokea ukibonyeza "tuma"

Hakuna noti inayosafiri. Kuna madaftari mawili, la benki yako na la benki ya mpokeaji, na katikati yake kuna ujumbe. Benki yako inaandika kwanza kwamba kiasi fulani kimetoka kwenye akaunti yako. Kisha inatuma ujumbe kupitia mfumo wa kati: "Mwekee huyu kiasi hiki." Benki ya pili inaangalia kama akaunti ipo na kama inaruhusiwa kupokea, inaandika kwamba kiasi kimeingia, halafu inarudisha jibu.

Kwa nini benki yako inakukata kabla ya kupata jibu? Kwa sababu isipofanya hivyo ungeweza kutuma pesa hiyohiyo kwa watu wawili ndani ya dakika moja. Kwa hiyo kukatwa ni hatua ya kwanza ya safari, na mahali pesa inapokaa baada ya hapo ni kwenye akaunti ya muda ndani ya benki yako mwenyewe. Haipo kwako na haipo kwa mpokeaji, lakini ina mahali ilipo, na mahali hapo pana namba.

Ujumbe huo unaweza kupita njia tatu. TIPS ni mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu ya Tanzania, unaounganisha benki na pochi za simu, na jibu lake linatarajiwa ndani ya sekunde. TISS, ulioanza 2004, hupitisha malipo moja baada ya jingine kwenye akaunti ambazo benki zenyewe zinazo Benki Kuu. Ndio hutumika zaidi kwa kiasi kikubwa. EFT hukusanya miamala kwa mafungu na kuyapeleka kwa pamoja, ndiyo maana mishahara ya kampuni nyingi ilipita humo kwa miaka. Kabla ya kusema pesa imechelewa, jua ilipita njia ipi. Dakika ishirini kwa TIPS ni dalili ya hitilafu. Kwa EFT dakika ishirini si kitu. Hata siku ya kazi inayofuata bado ni kawaida.

Fungua taarifa ya akaunti, usitegemee meseji

Meseji ya benki inatoka kwenye mfumo mwingine kabisa na ule unaotunza akaunti. Inaweza kuja kabla muamala haujakamilika, ikachelewa saa nzima, au isije. Kwa hiyo ingia kwenye programu ya benki yako au chukua taarifa fupi, kisha tazama mambo mawili: salio linalopatikana, na mistari yenyewe ya miamala.

Kama salio linalopatikana limepungua lakini hakuna mstari wowote wa muamala, pesa bado ni yako na bado iko kwenye akaunti yako. Imezuiwa tu. Benki imeitenga ikisubiri ujumbe ukamilike, na zuio kama hilo mara nyingi huondoka lenyewe. Hapa mpokeaji hana cha kwenda kuuliza benki kwake, kwa kuwa hakuna kilichotumwa.

Kama mstari upo, pesa imeshatoka kwenye akaunti yako. Andika namba ya kumbukumbu ya mstari huo kama ilivyo, pamoja na herufi zake zote. Halafu angalia chini yake kama kuna mstari mwingine wa kiasi kilekile ulioandikwa `CR`, yaani pesa iliyoingia, mara nyingi ukianza na `REV`, yaani marejesho. Mstari wa pesa iliyotoka huandikwa `DR`. Wapo watu wanaolalamika kwa siku tatu wakati pesa ilirudi dakika moja baada ya kukatwa, ila meseji ya kurudi haikutumwa.

Angalia pia tarehe mbili, ya kuandikwa na ya thamani, yaani siku ambayo benki inahesabu pesa imetoka au imeingia. Muamala wa Jumamosi usiku unaweza kuonyesha tarehe ya Jumatatu, na mtu akitafuta kwenye mistari ya Jumamosi haoni kitu.

Dalili ya kwanza: skrini imeonyesha kosa au `PENDING`, na pesa imekatwa

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote kwenye malipo ya papo kwa papo, na ndiyo isiyoeleweka zaidi. Chanzo chake kikubwa ni jibu kutofika kwa wakati. Benki yako ilituma ujumbe na kusubiri sekunde ilizopangiwa, kisha muda ukaisha. Katika hali hiyo mambo mawili yanawezekana, na benki yako haijui ni lipi: ama ujumbe haukufika kabisa, ama ulifika, mpokeaji akawekewa, na jibu ndilo lililopotea likirudi.

Ikirudisha pesa kwako mara moja, na kumbe mpokeaji alishawekewa, benki imepoteza. Ikikwambia imefika, na kumbe haikufika, wewe umepoteza. Kwa hiyo inaiacha pesa kwenye akaunti ya muda mpaka orodha zilinganishwe. Orodha ya benki yako, orodha ya mfumo wa kati na majibu ya benki ya pili hupangwa pamoja, mstari kwa mstari. Ulipo kote unafungwa kuwa umefaulu, na usiokuwepo upande wa pili unarudishwa.

Baadhi ya benki hufanya ulinganishaji huo kwa mashine mara kadhaa kwa siku. Nyingine zina watu wanaoufanya asubuhi ya siku ya kazi. Hapo ndipo wikiendi inapouma. Mfumo wa kupeleka pesa haulali, lakini dawati linalofungua miamala iliyokwama linaweza kuwa limefungwa tangu Ijumaa jioni.

Chukua mfano huu. Mwenye duka la vipuri Mwanza anamlipa muuzaji wa jumla Kariakoo shilingi 1,450,000 Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa 1:42 usiku. Jina la muuzaji lilitokea sawasawa kabla ya kuthibitisha. Akabonyeza, kiduara kikazunguka, halafu skrini ikaandika `PENDING`. Taarifa yake ya akaunti ilikuja kusomeka hivi:

```
14/06 19:42  TIPS TRF      1,450,000.00 DR
14/06 19:42  TRF CHARGE        2,500.00 DR
16/06 11:08  REV TIPS TRF  1,450,000.00 CR
```

Soma mistari hiyo taratibu. Wa kwanza unasema pesa ilitoka kweli, kwa hiyo si zuio. Jina lilitokea kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo akaunti ilikuwepo na benki ya pili ilikuwa hewani angalau wakati huo. Kosa la namba linaondolewa kwenye orodha ya sababu. Marejesho yamekuja Jumatatu asubuhi, baada ya watu kurudi kazini, nayo yamerudisha mtaji peke yake. Ile 2,500 haijarudi, na hakuna atakayeirudisha asipoidai. Kama angetuma tena Jumamosi ileile, yangeweza kutokea mawili. Wa kwanza ungerudi kama hivi na mambo yakaisha salama, au ungekuwa umefika na muuzaji angekuwa na 2,900,000. Siku ya Jumamosi hakuna mtu, hata wa benki, aliyekuwa na uwezo wa kumwambia kwa hakika ni lipi.

Hapa kuna mtego mdogo unaochelewesha malalamiko mengi. Mteja akipiga simu akasema muamala ulifanyika "saa moja na dakika arobaini na mbili", mhudumu anaweza kuandika 01:42, na aliye nyuma yake akatafuta muamala wa saa saba usiku asiupate. Taja saa kama ilivyoandikwa kwenye taarifa, 19:42.

Ukikutana na dalili hii, subiri nusu saa, kisha angalia tena taarifa na umwombe mpokeaji aangalie yake. Ikiwa bado, fungua lalamiko siku hiyohiyo hata kama ni usiku, kwa simu ya huduma kwa wateja, na udai namba ya lalamiko. Kufungua lalamiko hakuharakishi ulinganishaji wa usiku ule, lakini kunaweka muamala wako kwenye orodha ya kuangaliwa kwanza kukikucha. Kama malipo hayawezi kungoja na ni lazima utume tena, kubaliana kwanza na mpokeaji kwa maandishi, hata ya meseji, kwamba za kwanza zikiingia atazirudisha.

Dalili ya pili: benki yako inasema umefaulu, mpokeaji anasema hana kitu

Hapa jibu lilirudi, nalo lilikuwa "ndiyo". Sasa kazi inahamia upande wa pili, na mtumaji akiendelea kuisumbua benki yake atazungushwa bure, kwa kuwa rekodi yao ni safi.

Anza na akaunti yenyewe. Mpokeaji akusomee namba ya akaunti kutoka kwenye taarifa yake, tarakimu moja moja, nawe ulinganishe na ile iliyo kwenye risiti yako. Usikubali neno "ni ileile". Watu wengi wana akaunti mbili au tatu kwenye benki moja, na pesa imelala kwenye ile ya akiba ambayo hawaifungui, ambayo namba yake ndiyo walikutumia mwaka jana. Kama ulituma kwenda pochi ya simu, hakikisha haangalii akaunti ya benki, na kinyume chake.

Kisha mwombe aangalie mistari na sio salio tu. Hili lina sababu ambayo mpokeaji hapendi kuisema. Kama ana mkopo wenye marejesho yaliyopita tarehe, au akaunti yake ilikuwa chini ya sifuri, benki yake inaweza kukata deni mara tu pesa inapoingia. Kwenye taarifa utaona `CR` ya kiasi chako, na sekunde hiyohiyo `DR` ya karibu kiasi chote. Salio linabaki kama lilivyokuwa na yeye anaapa hajapokea. Pesa yako imefika. Kilichobaki ni kati yake na benki yake.

Zikiondoka sababu hizo, inabaki ile ya kibenki hasa: benki ya pili ilipokea na ikajibu ndiyo, lakini ikaweka pesa kwenye akaunti yake ya muda badala ya akaunti ya mteja. Hutokea pale mfumo wake mkuu unapokuwa umezimwa kwa ajili ya kufunga siku, usiku, na mfumo wa mbele ukaendelea kupokea. Kawaida miamala hiyo huingizwa kwa pamoja mfumo ukiamka. Isipoingia kufika mchana wa siku ya kazi, mpokeaji aende au apige simu benki kwake akiwa na namba ya kumbukumbu ya mfumo wa kati. Namba hiyo si ile ya benki yako peke yake. Risiti nyingi zina namba mbili, na mhudumu wa benki ya pili akiipokea ile ya ndani ya benki yako hataona chochote kwenye skrini yake, atajibu "haijafika", na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyoona. Kama risiti yako ina namba moja tu, iombe benki yako ile nyingine.

Dalili ya tatu: ulituma kwa TISS na siku imeisha

TISS yenyewe ni ya haraka. Ujumbe ukishaingia na benki yako ina fedha za kutosha kwenye akaunti yake Benki Kuu, malipo yanakamilika papo hapo na hayarudishwi nyuma. Ucheleweshaji huwa kwenye mikono ya watu kabla na baada yake.

Kabla yake kuna idhini. Fomu uliyojaza tawini inaingizwa na mfanyakazi mmoja na kuidhinishwa na mwingine, na kwa kiasi kikubwa huenda ikahitaji idhini ya makao makuu. Akaunti yako inaweza kukatwa kwenye hatua ya kwanza, saa tisa alasiri, wakati mwidhinishaji hajaigusa. Muda wa mwisho wa kutuma ukipita, ujumbe unangoja kesho yake. Kila benki ina muda wake wa mwisho, nao huwa mapema kuliko saa ya kufunga milango, kwa hiyo fomu iliyopokelewa haimaanishi ujumbe umetoka. Swali la kuuliza ni moja: "Ujumbe umeshatoka? Naomba nakala yake." Nakala ikiwepo, ina tarehe, saa na namba ya kumbukumbu, na pesa iko upande wa pili. Isipokuwepo, pesa bado iko ndani ya jengo ulilosimama.

Baada yake kuna jina. Malipo ya TISS yanaingia yenyewe pale namba ya akaunti na jina vinapokubaliana. Visipokubaliana, ujumbe unaangukia foleni ya kurekebishwa kwa mkono. Umeandika "Mama Neema Hardware", kama kila mtu sokoni anavyomwita, lakini akaunti imesajiliwa kwa majina matatu ya mwenyewe au kwa jina la kampuni. Mtu anaketi kuutazama ujumbe huo, na akiwa mwangalifu hauweki. Anaiuliza benki yako. Benki yako ikikupigia simu nawe usipopokea, siku inapita. Namba ya akaunti iliyopoteza sifuri za mwanzo baada ya kupita kwenye jedwali la kompyuta inaleta foleni hiyohiyo. Hili huwapata zaidi wahasibu wanaolipa watu wengi kwa faili moja: seli ikiwekwa kama namba badala ya maandishi, `0150` inageuka `150`, na akaunti ya tarakimu kumi na tatu inabaki na kumi na mbili.

Dawa ya foleni ya jina ni barua au ujumbe wa marekebisho kutoka benki ya mtumaji kwenda benki ya mpokeaji. Mpokeaji hawezi kuurekebisha mwenyewe, hata akienda na kitambulisho, kwa sababu maagizo ya malipo ni ya mtumaji. Nenda tawini kwako na jina kamili kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti ya mpokeaji, uombe marekebisho yatumwe leo.

Dalili ya nne: imekataliwa, lakini haijarudi

Wakati mwingine benki ya pili inajibu waziwazi kwamba haiwezi kupokea. Mhudumu wako akifungua muamala anaweza kuona alama fupi ya sababu, na ni haki yako kumwuliza inasomekaje. Kwenye mifumo inayotumia ujumbe wa ISO 20022, `AC01` ni namba ya akaunti isiyo sahihi, `AC04` ni akaunti iliyofungwa, na `AC06` ni akaunti iliyozuiwa. Ukiijua alama unajua kama kutuma tena kwa namba ileile kuna maana. Kwa `AC04` hakuna maana hata kidogo.

Akaunti isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kukataa pia, mpaka mwenyewe aende kuihuisha. Akaunti ya dola inaweza kukataa shilingi. Pochi ya simu ina ukomo wa salio. Aliyekaribia ukomo wake hawezi kupokea hata kama namba yake ni sahihi na simu iko hewani.

Na zipo kumbukumbu za zamani. Benki zinaungana na kubadilisha majina: Twiga Bancorp iliingizwa TPB 2018, na TPB ikawa TCB 2021. Mtumaji aliyehifadhi taarifa za mpokeaji kabla ya mabadiliko ya namna hiyo anabonyeza jina lililohifadhiwa bila kutazama kilicho chini yake. Taarifa zozote za mpokeaji ulizozihifadhi miaka mingi iliyopita zihakikishe upya kabla ya kuzitumia kwa kiasi kikubwa.

Kukataliwa kwa TIPS kunapaswa kurudisha pesa mara moja. Kwa EFT jibu la kukataa linarudi na fungu la baadaye, na kwa TISS benki ya pili inalazimika kutuma malipo mapya ya kurudisha, ambayo benki yako nayo inayapokea kama pesa nyingine yoyote iliyoingia na kuyatafutia mwenyewe. Hapo ndipo pesa iliyorudi inapoweza kukaa siku kadhaa kwenye akaunti ya muda ya benki yako, imefika nyumbani lakini haijapelekwa chumbani kwako. Kama umeambiwa imekataliwa na siku mbili za kazi zimepita, usiulize tena "imefika?" Uliza: "Je, marejesho yameshaingia kwenye akaunti yenu ya muda, na ni kwa kumbukumbu gani?" Swali hilo linamfanya mhudumu atafute mahali tofauti na alipotafuta mara ya kwanza.

Dalili ya tano: imefika, ila kwa mtu mwingine

Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, mara nyingi namba inakataliwa, kwa kuwa benki nyingi huweka tarakimu ya ukaguzi ndani ya namba ya akaunti. Lakini mara nyingine inaangukia akaunti halisi ya mtu mwingine. Jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ndilo kinga yako, na kwa sehemu kubwa ndiyo pekee. Ukithibitisha juu ya jina usilolijua, kwa benki muamala huo ni sahihi.

Hapa dakika zina thamani kuliko mahali pengine popote. Piga simu benki yako mara moja, omba iitumie benki ya pili ombi la kurudisha na kuomba kiasi kile kizuiwe. Benki ya pili ikikuta pesa ipo inaweza kuizuia wakati inamtafuta mwenye akaunti, lakini kuichukua bila ridhaa yake au amri ya mamlaka ni jambo lingine, na benki haitafanya kwa simu yako. Pesa ikishatolewa, suala linahama kutoka benki kwenda polisi na mahakamani. Usimpigie mwenyewe aliyepokea ukimtishia. Wengi hurudisha wakipigiwa na benki yao, na huizima simu wakitukanwa na mtu wasiyemjua.

Pesa kutoka nje

Aliyeko Maskati au London akituma kwa benki, ujumbe unapita SWIFT, mtandao wa ujumbe kati ya benki za nchi mbalimbali, na huenda ukapita benki moja au mbili za kati kabla ya kufika Dar es Salaam. Mwambie aiombe benki yake namba ya UETR. Ina vibambo 36 vikiwemo vistari vinne, na ina umbo hili:

```
xxxxxxxx-xxxx-4xxx-yxxx-xxxxxxxxxxxx
```

Namba hiyo inabaki ileile katika kila benki unayopitia ujumbe, ndiyo maana inafaa kuliko kumbukumbu nyingine zote. Kwa namba hiyo benki ya mtumaji inaweza kuona malipo yamesimama benki gani na tangu saa ngapi. Kinachoyasimamisha mara nyingi ni ukaguzi: jina linafanana na la mtu aliyeko kwenye orodha ya vikwazo, au sababu ya malipo imeandikwa kwa neno moja tu. Swali la ukaguzi lisipojibiwa malipo hayasogei hata yakikaa mwezi. Na zikifika pungufu, angalia makubaliano ya ada. `SHA` maana yake benki za kati zinaweza kujikatia njiani, na `OUR` maana yake mtumaji amebeba ada zote.

Unapokwenda tawini

Beba taarifa ya akaunti iliyopigwa muhuri yenye mstari wa kukatwa, risiti yenye namba ya kumbukumbu, na taarifa ya akaunti ya mpokeaji inayoanza siku moja kabla ya muamala mpaka leo, ikionyesha kwamba haikuingia. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na bila hiyo benki yako ina neno lako tu. Picha ya skrini ya simu inasaidia kueleza lakini haithibitishi. Inaweza kutengenezwa, na wahudumu wanalijua hilo.

Andika lalamiko kwa maandishi, lipokelewe kwa muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Ukifika mahali pa kuhitaji dawati la malalamiko la Benki Kuu, watataka kuona kwanza kwamba uliipa benki yako nafasi ya kulishughulikia, na nakala yenye muhuri ndiyo inayoonyesha. Usiweke namba ya kumbukumbu wala namba ya akaunti kwenye kurasa za mitandao ukilalamika. Ndani ya dakika chache atakupigia mtu anayejiita wa benki, akitaja kiasi kamili ulichotuma, na kuomba namba ya siri ili "arudishe muamala". Marejesho hayahitaji namba yako ya siri, kwa kuwa yanafanyika upande wa benki.

Pesa ikirudi, linganisha mstari wa `REV` na mstari wa kwanza, shilingi kwa shilingi. Ada ya kutuma ipo kwenye mstari wake wa pembeni, kama ile 2,500 ya mwenye duka wa Mwanza, na mara nyingi mashine inayorudisha mtaji haiigusi. Iombe kwa namba ileile ya lalamiko kabla lalamiko halijafungwa. Likishafungwa utaanza upya kwa ajili ya 2,500.